Kilo ya Tunda na Kilo ya Rojo

Tunda huuzwa likiwa na ganda, mbegu na kikonyo chake, lakini kinachoingia kwenye blenda ni nyama yake tu. Kilo kumi za maembe zinaweza kutoa kilo saba za rojo, au zisifikishe hata tano, na tofauti hiyo haionekani kwa macho sokoni. Muuzaji wa smuthi au wa rojo lililogandishwa anayepanga bei kwa uzito wa tunda zima huwa anakisia gharama yake. Anayejua asilimia ya rojo anaweza kujua anunue kilo ngapi, kila kikombe kimemgharimu kiasi gani na lini tunda la bei ya chini ndilo ghali.

Hesabu yenyewe ni fupi. Uzito wa rojo hugawanywa kwa uzito wa tunda zima, kisha jibu huzidishwa kwa 100. Ugumu uko katika mambo mawili yanayotangulia hesabu hiyo: kuamua ni kipi kinachohesabiwa kuwa rojo, na kujua tunda lilipimwa likiwa katika hali gani. Kwa embe, rojo linaweza kuwa nyama iliyokatwa kwa kisu au nyama iliyosagwa na kuchujwa nyuzi. Kwa pasheni, linaweza kuwa utomvu pamoja na mbegu zake au maji yaliyokwisha kuchujwa. Watu wawili wakipima tunda lile lile kwa maana tofauti watapata asilimia tofauti, na wote watakuwa sahihi. Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni cha rojo lilivyo linapoingia kwenye kikombe au kwenye mfuko wa kuuzia, baada ya kazi yote ya kulitayarisha.

Viwango vinavyochapishwa vinafaa kwa kuanzia tu. Majedwali ya chakula ya Idara ya Kilimo ya Marekani yanahesabu kwamba kisicholiwa ni asilimia 29 ya embe, asilimia 36 ya ndizi na asilimia 48 ya pasheni. Maana yake, kilo moja ya tunda zima hubakiza takriban gramu 710 za embe, gramu 640 za ndizi na gramu 520 za pasheni, mbegu zake zikiwa ndani. Takwimu hizi ni za wastani. Embe linalouzwa Tanga au Malindi si lazima lifanane na lile lililopimwa kwa ajili ya jedwali, na jedwali halijui kama maembe yatachujwa au pasheni zitatolewa mbegu. Ndiyo maana kila shehena huhitaji kupimwa kwa sampuli.

Kupima sampuli ya maembe

Sampuli nzuri huanzia kwenye uchaguzi. Katika tenga, maembe makubwa na mazuri mara nyingi hupangwa juu. Anayechukua ya juu peke yake atapata asilimia ambayo tenga zima haliwezi kuitoa. Maembe kumi hadi kumi na tano yaliyochukuliwa juu, katikati na chini, makubwa kwa madogo, yanatosha kuiwakilisha shehena moja ya aina moja. Yaliyooza huwekwa kando na kupimwa peke yake, kwa sababu hasara ya uozo hubadilika kutoka tenga moja hadi jingine, ilhali sehemu ya ganda na kokwa haibadiliki sana ndani ya aina moja.

Maembe huoshwa, hukaushwa kwa kitambaa, kisha hupimwa. Yakipimwa yangali yamelowa, maji ya juu huhesabiwa kuwa uzito wa tunda na asilimia hushuka bila sababu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Beseni au bakuli tupu hupimwa kwanza na uzito wake hutolewa, au mizani hurudishwa kwenye sifuri bakuli likiwa juu yake. Baada ya hapo maembe humenywa, nyama hukatwa hadi kwenye kokwa, na ile iliyoshikamana na kokwa hukwanguliwa. Ikisagwa na kuchujwa, kila kitu kilichopatikana hupimwa kando: rojo, maganda, makokwa na makapi ya nyuzi yaliyobaki kwenye chujio. Maji hayaongezwi katika hatua hii. Kama blenda haisagi bila maji, maji hayo hupimwa kwanza na uzito wake hutolewa mwishoni.

Kupima mabaki kunaweza kuonekana kazi ya ziada, lakini ndiko kunakoonyesha kama kipimo ni cha kuaminika. Tuseme maembe dodo 12 yamefikisha gramu 4,860. Baada ya kazi kumepatikana rojo gramu 3,110, maganda gramu 820, makokwa gramu 650 na makapi gramu 210. Jumla ni gramu 4,790, pungufu ya uzito wa mwanzo kwa gramu 70. Kiasi hicho, kama asilimia moja na nusu, ni maji yaliyobaki kwenye ubao, kisu na jagi la blenda, na ni hasara ya kawaida. Ingepungua gramu 300 au 400, ingekuwa dalili kwamba kuna bakuli ambalo uzito wake umetolewa mara mbili au rojo limemwagika. Jumla ikizidi uzito wa mwanzo, kuna maji yaliyoingia au chombo ambacho uzito wake haukutolewa. Katika mfano huu hesabu zinakubaliana, na rojo ni 3,110 ÷ 4,860, yaani asilimia 64.

Jambo linaloshusha au kupandisha asilimia hiyo zaidi ni aina ya embe. Maembe ya kisasa kama Kent na Keitt yana nyama nyingi kwa kokwa jembamba, na nyuzi zake ni chache. Maembe madogo ya kienyeji yenye nyuzi huwa na kokwa kubwa kulingana na mwili wake, na sehemu ya nyama hunaswa kwenye nyuzi hizo. Kwa maembe ya namna hiyo si ajabu rojo lililochujwa likawa nusu ya uzito au chini yake. Ukubwa nao una athari hata ndani ya aina moja, kwa kuwa embe dogo lina ganda jingi zaidi kwa kila gramu ya nyama. Maembe yakinunuliwa kwa madaraja ya ukubwa, kila daraja hustahili sampuli yake.

Mkono wa mmenyaji huingia pia katika hesabu. Anayemenya kwa kisu butu huondoka na tabaka la nyama pamoja na ganda, na anayekata pande mbili tu za embe huacha nyama nzuri ikizunguka kokwa. Uzito wa maganda ndio unaofichua jambo hili. Ikiwa maganda ya wafanyakazi wawili waliomenya maembe ya tenga moja yanatofautiana sana kwa uzito, tofauti hiyo imetoka kwenye kisu. Kwa sababu hiyo sampuli humenywa na mtu yule yule atakayefanya kazi yenyewe, kwa kasi yake ya kawaida. Kipimo kilichotokana na umenyaji wa uangalifu kupita kiasi hakitafikiwa siku ya kazi nyingi.

Pasheni na suala la mbegu

Pasheni, ambazo Wakenya wengi huziita karakara, ndizo zinazowapotosha wauzaji wengi, kwa sababu hupoteza uzito mara mbili. Mara ya kwanza ni pale ganda nene linapotupwa, na mara ya pili ni pale mbegu zinapochujwa. Sampuli ya kilo mbili inaweza kutoa maganda gramu 1,020 na utomvu wenye mbegu gramu 960. Hiyo ni asilimia 48, na anayeishia hapo ataridhika. Lakini utomvu huo ukipitishwa kwenye chujio, hutoka maji gramu 700, huku gramu 250 zikibaki kama mbegu na vinyuzi vinavyozishika. Kinachoingia kwenye smuthi laini ni asilimia 35 tu ya uzito ulionunuliwa.

Kiasi kinachotoka kwenye chujio hutegemea pia namna ya kutenganisha mbegu. Kila mbegu imefunikwa na kifuko chenye maji, na kifuko hicho kisipopasuka maji hubaki kwenye makapi. Kusukuma kwa mwiko kwenye chujio hutoa kiasi, na kuzungusha blenda kwa sekunde chache mara mbili au tatu hupasua vifuko vingi zaidi. Blenda ikiachwa izunguke kwa muda, mbegu zenyewe huvunjika. Hapo uzito wa maji huonekana kupanda, lakini ni chembe nyeusi zilizopita kwenye chujio. Dalili zake ni madoadoa meusi, mchanga mdomoni na uchungu unaobaki ulimini.

Pasheni za zambarau zina tabia nyingine inayoweza kumdanganya mpimaji. Zikikaa, ganda hunyauka kwa kupoteza maji, huku ndani kukibaki kuzuri. Pasheni zilizonyauka zikipimwa siku ya tatu, asilimia yake ya maji hutoka juu kuliko ya pasheni zile zile siku zilipofika. Maji hayakuongezeka, ila uzito wa ganda umepungua. Ikiwa malipo yalifanywa kwa uzito wa siku ya kwanza, hesabu ya gharama nayo ifuate uzito wa siku ya kwanza. Kwa upande wa pili, mnunuzi anayepata pasheni zilizonyauka kidogo kwa bei ile ile ya kilo anafaidika, mradi ndani hakujaanza kuchacha. Zile zilizo nyepesi kupita kiasi mkononi na zinazocheza zikitikiswa huwa zimekauka hadi ndani na hazifai kuhesabiwa.

Ndizi na siku ya kuiva

Ndizi haina kokwa wala chujio, hivyo kipimo chake ni rahisi. Chane zenye jumla ya gramu 3,000 zinaweza kutoa nyama gramu 1,900, ambayo ni asilimia 63. Kinachobadilisha asilimia hiyo ni kiwango cha kuiva. Ndizi inapoiva, wanga wa ndani hugeuka sukari, na sukari hiyo huvuta maji kutoka kwenye ganda kuingia kwenye nyama. Wakati huo huo ganda hupoteza maji mengine hewani. Ndizi mbichi kwa hiyo ina ganda zito na nene, na ile iliyoiva hadi kutoa madoa ya kahawia ina ganda jembamba. Asilimia ya nyama hupanda kadiri siku zinavyokwenda.

Anayenunua ndizi mbichi na kuzivundika mwenyewe anapaswa kupima mara mbili. Tuseme amenunua kilo 10, na siku zilipoiva zimebaki kilo 9.5. Asilimia 63 ya kilo 9.5 ni karibu kilo 6, yaani asilimia 60 ya uzito alioulipia. Akitumia asilimia 63 dhidi ya uzito wa kununulia, atajiwekea rojo ambalo halipo. Ndizi za kubadilisha hesabu kwa namna nyingine ni zile zilizopondeka safarini, kwani sehemu nyeusi hukatwa na kutupwa. Uzito wake huhesabiwa kama hasara ya uchambuzi, sawa na uozo wa maembe. Mkungu mzima usipimwe pamoja na mti wake wa katikati, isipokuwa ikiwa ndivyo ulivyouzwa.

Kurudi nyuma kutoka kwenye rojo

Asilimia ikishajulikana, kazi kubwa ya muuzaji ni kuhesabu kinyume: rojo linalohitajika linajulikana, kinachotafutwa ni kilo za kununua. Hapa kosa moja hujirudia sana. Mtu mwenye maembe ya asilimia 60, anayehitaji kilo 10 za rojo, huona kwamba hasara ni asilimia 40 na kuongeza kilo 4. Kilo 14 zikizidishwa kwa 0.60 hutoa kilo 8.4 tu. Njia sahihi ni kugawanya: 10 ÷ 0.60 ni kilo 16.7. Uozo nao huingizwa kwa kugawanya. Kama asilimia 8 ya tenga hutupwa, kilo 16.7 ÷ 0.92 hufanya kilo 18.1 za kununua.

Bei hufuata njia hiyo hiyo. Bei ya kilo ya tunda ikigawanywa kwa asilimia ya rojo hutoa bei ya kilo ya rojo. Maembe ya kienyeji ya shilingi 1,000 kwa kilo yanayotoa asilimia 48 huzaa rojo la shilingi 2,083 kwa kilo. Maembe ya kisasa ya shilingi 1,400 yanayotoa asilimia 68 huzaa rojo la shilingi 2,059. Pengo la shilingi 400 lililoonekana sokoni limetoweka, na maembe ya kienyeji bado yanadai muda zaidi wa kumenya na kuchuja. Yakishuka hadi shilingi 700, hali hugeuka, kwani rojo lake litakuwa la shilingi 1,458 na huenda likalipia kazi hiyo ya ziada. Uozo ukiingizwa katika hesabu, bei ya rojo hupanda tena kwa kila upande kulingana na hasara yake.

Kutoka mizani hadi kikombe

Smuthi huuzwa kwa ujazo, na rojo hupimwa kwa uzito. Lita moja ya rojo la embe lisilo na hewa huwa na uzito wa takriban kilo 1.05, kwa sababu ya sukari iliyomo. La ndizi ni zito kidogo zaidi. Anayechukua lita kuwa sawa na kilo atakosea kwa sehemu ndogo, lakini kosa kubwa zaidi huletwa na hewa. Blenda huingiza mapovu, hasa penye ndizi, na jagi huonekana limejaa wakati uzito ni ule ule. Mapovu yakitulia kikombe hupungua. Kwa hiyo mapato ya vikombe huhesabiwa kwa gramu za kila kikombe, si kwa alama za jagi.

Mfano ufuatao unaunganisha hatua zote, bei zake zikiwa za kuonyesha hesabu tu. Muuzaji ameagizwa vikombe 80 vya smuthi. Kila kikombe kinahitaji gramu 180 za rojo la embe, gramu 60 za ndizi, gramu 30 za maji ya pasheni na gramu 80 za maji na barafu, jumla gramu 350. Kwa vikombe vyote zinahitajika kilo 14.4 za embe, kilo 4.8 za ndizi na kilo 2.4 za pasheni. Kiasi fulani hubaki kwenye jagi na vyombo. Hasara hiyo ikichukuliwa kuwa asilimia 5, kila kiasi hugawanywa kwa 0.95, na matokeo ni kilo 15.16, kilo 5.05 na kilo 2.53.

Maembe dodo yaliyotoa asilimia 64 yanahitajika kilo 23.7 yakiwa mazima, na uozo wa asilimia 6 unapandisha ununuzi hadi kilo 25.2. Ndizi zilizoiva za asilimia 63 ni kilo 8. Pasheni za asilimia 35 ni kilo 7.2, na baada ya kuingiza asilimia 5 za kutupa ni kilo 7.6. Kwa bei ya shilingi 1,500 kwa kilo ya maembe, shilingi 1,500 kwa kilo ya ndizi na shilingi 3,500 kwa kilo ya pasheni, gharama ni shilingi 37,800, shilingi 12,000 na shilingi 26,600. Jumla ya matunda ni shilingi 76,400, au shilingi 955 kwa kikombe, kabla ya barafu, kikombe, umeme na kazi.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo lisiloonekana kwenye jagi. Pasheni ni gramu 30 kati ya gramu 270 za tunda katika kikombe, kama sehemu moja ya tisa, lakini zimebeba zaidi ya theluthi moja ya gharama ya matunda. Mhudumu anayemimina gramu 45 badala ya 30 huongeza gharama ya kikombe kwa zaidi ya shilingi 160, ilhali kosa la gramu 15 za embe halifiki shilingi 40. Kiungo cha kupimwa kwa uangalifu zaidi ni kile chenye asilimia ndogo na bei kubwa.

Mfano huo pia unaonyesha gharama ya kutumia asilimia ya zamani. Ikiwa maembe yaliyofika yana kokwa kubwa na yanatoa asilimia 56 badala ya 64, kilo 25.2 zilizonunuliwa zitaacha kilo 13.3 za rojo baada ya kutoa uozo. Hasara ya vyombo ikiondolewa, rojo hilo linatosha vikombe 70. Muuzaji atapungukiwa vikombe kumi, au ataongeza maji na wateja watajua kwa ladha.

Anayeuza rojo lenyewe kwa mikahawa au wauza juisi hupima kila mfuko au kopo kwa uzito wa ndani, baada ya kutoa uzito wa chombo. Kugandisha hakubadilishi uzito, ila hupanua ujazo, hivyo chombo huachiwa nafasi juu kisije kikapasuka. Mizani inayotumika kuuzia, tofauti na ya kujipimia jikoni, inapaswa kuwa imehakikiwa na mamlaka ya vipimo, ambayo kwa Tanzania ni Wakala wa Vipimo. Pasheni zenye mbegu na zilizochujwa huandikwa wazi kwenye mfuko, kwa kuwa kilo ya moja si sawa na kilo ya nyingine kwa mnunuzi.

Daftari la vipimo huwa na safu chache: tarehe, aina ya tunda, mahali lilipotoka, uzito wa kununulia, kilichotupwa, rojo na asilimia. Sampuli mpya hupimwa aina ya tunda inapobadilika, chanzo kinapobadilika, na msimu unapoanza au unapokaribia kwisha, kwa sababu maembe ya mwanzo na ya mwisho wa msimu mara nyingi huwa madogo. Shehena za chanzo kimoja zikitofautiana kwa asilimia moja au mbili tu, wastani wake hutosha kwa kupangia ununuzi. Zikipishana kwa zaidi ya hapo, ununuzi hupangwa kwa asilimia ya chini iliyoandikwa, na bei hupangwa kwa wastani.